Trebusheti yangu ya mzigo wa kilo 5 imepitwa na mashine ya kamba ya kusokota. Enaji ya mzigo inaishia wapi?

#1 Mpiga_Randa
Wakuu salaam. Nimetengeneza modeli mbili za mashine za zamani za kurushia mawe na majibu niliyopata yananikosesha usingizi. Ya kwanza ni trebusheti, ile yenye boriti ndefu, upande mfupi unaning'inia sanduku la mzigo na upande mrefu una kombeo, mzigo ukishuka jiwe linaruka. Ya pili ni ya msokoto, mkono mmoja umechomekwa katikati ya bunda la kamba ya nailoni iliyosokotwa, unauvuta chini, unafyatua, unakwenda kugonga mto laini wa kuusimamisha. Zote mbili zinarusha kigololi kilekile cha gramu 50.

Vipimo vya trebusheti: upande mfupi sm 23, mrefu sm 92, kombeo sm 40, mzigo kilo 5, na nimepima kwa futi kabisa mzigo unashuka sm 40. Inarusha mita 28. Mashine ya kamba, ambayo ni ndogo inakaa mezani, inarusha mita 35!

Kila ninaposoma naambiwa trebusheti ndiyo iliyozistaafisha mashine za kamba. Sasa mbona kwangu mambo yamekuwa kinyume? Kilo 5 zinashuka halafu gramu 50 haziendi popote, hiyo nguvu inaishia wapi?

#2 Kijana_wa_Manati
Mkuu mpira wa tairi la ndani ni bora kuliko nailoni, kata vipande vyembamba virefu, vitano kila upande, hiyo manati yako itafika mita 60 bila shida.

#3 Mpiga_Randa
Asante ila siyo manati ndugu yangu, hakuna mpira kabisa. Moja inatumia uzito unaoshuka, nyingine inatumia kamba iliyosokotwa.

#4 Nyenzo_Tu
Hii rahisi sana. Trebusheti ni nyenzo tu kama pembea. Mikono yako ni 92 kwa 23, yaani 4 kwa 1. Ncha ya mkono mrefu inakwenda mara nne ya spidi ya mzigo. Mzigo ukianguka sm 40 bila kuzuiwa na chochote unafika mita 2.8 kwa sekunde, zidisha mara nne unapata 11.2. Hapo ndipo kikomo chako, huwezi kuvuka hata ukiweka mzigo wa tani. Ukitaka mbali zaidi refusha mkono.

#5 Mzee_wa_Mizani
Nyenzo_Tu hesabu yako inaanza vizuri inaishia njiani. Mpiga_Randa kasema amepata mita 28. Tuchukue kigololi kimetoka kwa nyuzi 45 na tusahau hewa, umbali ni spidi kipeo cha pili gawa kwa 9.8. Ukirudi nyuma, mita 28 inataka spidi ya karibu 16.6 kwa sekunde. Wewe umesema kikomo ni 11.2. Sasa mashine yake ambayo tunasema mbovu imeshavuka kikomo chako, kwa hiyo kuna kitu hukukihesabu, nacho ni kombeo.

Mpiga_Randa, usianze na spidi, anza na enaji. Mzigo M unashuka urefu h, jiwe ni m. Kama kila kitu kingeingia kwenye jiwe na jiwe likatoka nyuzi 45, umbali wa juu kabisa ni huu:

```
R = 2 × (M/m) × h
```

Angalia kwamba g, ile 9.8 ya mvutano wa dunia, imejifuta yenyewe. Kwako ni 2 × 100 × 0.4, yaani mita 80. Umepata 28, kwa hiyo mashine yako inafikisha kwenye jiwe asilimia 35 ya kile mzigo unachotoa. Kwa juli, mzigo unatoa 19.6 na jiwe linaondoka na 6.9. Swali lako zuri, juli 12.7 ziko wapi? Hizo zinatafutika, hazijayeyuka.

Nipe vitu viwili. Boriti ina uzito gani? Na baada ya jiwe kutoka, mzigo unapanda tena upande wa pili kiasi gani? Piga video ya simu kwa slo mosheni, weka futi imesimama nyuma ya sanduku.

#6 Kamba_Ngumu
Mimi ni mtu wa msokoto miaka mingi na nimefurahi kuona mtu anakiri mapema hivi. Kamba haibebi mzigo wa bure, inatoa ilichonacho chote ghafla, trebusheti inajivuta. Ila Mpiga_Randa nikuulize, bunda lako uliliacha limekazwa usiku kucha au ulikaza siku hiyohiyo? Maana mimi niliwahi kuacha la kwangu limesokotwa kuanzia jioni, asubuhi narusha jiwe lilelile kwa nafasi ileile, nimetoka mita 35 mpaka 24. Hakuna nyuzi iliyokatika, kamba ilikuwa imelegea tu yenyewe kwa ndani, ukiigusa huwezi kujua, ukiipiga kwa kidole ndiyo unasikia sauti imeshuka.

#7 Mpiga_Randa
Kamba_Ngumu nilikaza dakika kumi kabla. Nitalijaribu hilo la kuiacha.

Mzee_wa_Mizani nimepima. Boriti ni gramu 600, unene ni uleule mwanzo mpaka mwisho. Video nimeirudia mara nyingi sana, mzigo unafika chini kabisa, jiwe linatoka kama hapohapo, halafu sanduku linapanda upande wa pili sm 12 kabla ya kurudi. Fremu nayo inaruka kidogo, miguu ya mbele inanyanyuka inaacha alama mbili kwenye udongo.

#8 Mzee_wa_Mizani
Safi sana, sasa tunaweza kuhesabu kama duka la rejareja.

Boriti kwanza, maana watu huisahau. Ni sm 115 zote, katikati yake iko sm 57.5, ekseli iko sm 23 kutoka ncha fupi, kwa hiyo uzito wa boriti wenyewe uko kama sm 34 upande wa mkono mrefu. Unapofyatua, ule mkono mrefu uko chini, na mwisho uko juu umesimama. Maana yake mzigo wako kabla ya kurusha jiwe umenyanyua boriti, kitovu chake kimepanda karibu sm 59. Gramu 600 kupanda sm 59 ni juli 3.5. Nusu ya alichopata kigololi! Umelipa hiyo kunyanyua mbao.

Halafu sanduku kupanda sm 12. Kilo 5 kwa sm 12 ni juli 5.9. Hiyo ni enaji iliyobaki kwenye mzigo na boriti wakati jiwe limeshaondoka. Toa kama juli 1 hapo kwa sababu boriti ilipokuwa inapitiliza kushuka upande wa pili nayo ilisaidia kunyanyua sanduku. Tuseme 4.8 imebaki.

6.9 jiwe, 3.5 kunyanyua boriti, 4.8 imebaki kwenye mzigo na mkono. Jumla 15.2. Iliyobaki ni kama 4.4, hiyo gawia ekseli, kuruka kwa fremu, sanduku kuyumba, hewa, na juli 1 hivi kulipandisha jiwe lenyewe mpaka pale lilipoachiwa. Mimi sitahangaika nayo kwanza. Tatizo lako kubwa ni hilo la 4.8 na la 3.5.

#9 Haraka_Haraka
Mzee samahani, hapo kwenye "imebaki kwenye mzigo" sijaelewa. Mzigo si lazima uwe unakwenda ili mkono uende? Sasa utaachaje kubaki na mwendo?

#10 Mzee_wa_Mizani
Haraka_Haraka hapo umegusa kiini cha trebusheti nzima. Ungefunga jiwe kwenye ncha ya boriti bila kombeo, ndiyo, jiwe na ncha vina spidi moja na mzigo lazima uwe unakwenda robo ya spidi hiyo mpaka dakika ya mwisho. Hapo ndipo alipo Nyenzo_Tu na kwa mashine ya namna hiyo yuko sahihi.

Kombeo linavunja huo mfungo. Mwanzo jiwe linaburuzwa chini, kombeo liko nyuma ya mkono. Mkono unapanda, kombeo linaanza kufunguka, jiwe linazunguka ncha kwa nje kwa spidi kubwa kuliko ncha yenyewe. Na jiwe linapozunguka linavuta ile ncha kuelekea nyuma ya mwendo wake, yaani linauzuia mkono. Mkono ukizuiwa, mzigo unazuiwa. Mwendo uliokuwa kwenye kilo 5 unatolewa unapitia kamba unaingia kwenye gramu 50. Ni kama mtu akicharaza kiboko, mkono wa mtu unakwama halafu ncha ya kiboko ndiyo inalia.

Mashine iliyopangwa vizuri ukiiangalia kwa slo mosheni unaona jambo la kupendeza mno, boriti inafika wima inakaribia kusimama, sanduku limetulia chini kana kwamba limechoka, na muda huohuo jiwe linapita juu. Ukiona sanduku bado lina haraka baada ya jiwe kutoka, kama lako, basi kombeo halikupata nafasi ya kulizuia. Kombeo lako ni sm 40 kwenye mkono wa sm 92. Fupi mno. Anza na urefu unaokaribia ule wa mkono wenyewe, jaribu 85.

#11 Nyenzo_Tu
Nimesoma #10 mara mbili. Nakubali kuhusu kikomo. Ila bado nasema uwiano wa mikono ndio unaoamua, 4 kwa 1 ni mdogo, angeweka 6 kwa 1.

#12 Mzee_wa_Mizani
Akiweka 6 kwa 1 kwa boriti hiyohiyo upande mfupi unakuwa sm 16, mzigo utashuka sm 28 badala ya 40. Umbali wa juu unatoka 80 unakuwa 56. Unapata mkono mrefu unapoteza mshuko, na boriti yenyewe inakuwa nzito zaidi upande wa kunyanyuliwa. Ndiyo maana wengi wanaishia 4 au 5.

#13 Bi_Kumbukumbu
Hamjambo. Mimi mambo ya juli nawaachia ila kwenye historia nisaidie kidogo maana naona watu wanachanganya kwenye mada nyingine za jukwaa kwamba Warumi walikuwa na trebusheti. Hawakuwa nayo. Wao na Wagiriki walikuwa na za msokoto, bunda za mishipa ya wanyama au nywele. Ile ya mkono mmoja, anayoiita Mpiga_Randa ya pili, Warumi waliiita punda mwitu kwa vile inavyopiga teke, na Ammianus aliyeandika karne ya 4 anaeleza kwamba ukiiweka juu ya ukuta wa mawe ukuta unaachana kwa ule mshtuko, ndiyo maana iliwekewa kitako cha mabonge ya udongo yenye majani au matofali. Trebusheti za kuvutwa na watu kwa kamba zilitoka China, na hii ya mzigo unaoshuka yenyewe inaonekana karne ya 12, kuna al-Tarsusi aliyemwandikia Salahuddin kitabu cha silaha na ndani yake anaichora.

#14 Kamba_Ngumu
Asante dada. Teke ni kweli kabisa, la kwangu limeshavunja stopa mbili. Na hapo ndipo msokoto unapopoteza, nikiri, mkono unapogonga mto mwendo wote uliobaki kwenye mkono unaishia kwenye mto, huna namna ya kuurudisha kwenye jiwe.

#15 Gurudumu
Weka magurudumu chini ya fremu. Mashine itasogea mbele na nyuma wakati wa kurusha, mzigo utashuka wima zaidi badala ya kufuata duara, hauburuzi fremu. Nilipoweka la kwangu lilitoka mita 30 likaenda 36.

#16 Haraka_Haraka
Mimi kwangu magurudumu hayakuongeza kitu chochote cha kupimika. Labda kwa sababu sanduku langu linaning'inia kwa bawaba na tayari linashuka karibu wima lenyewe?

#17 Gurudumu
Langu limefungwa moja kwa moja kwenye boriti, halining'inii. Labda ndiyo tofauti. Ila bado nadhani yanasaidia zote, hebu wengine waseme.

#18 Mpiga_Randa
Wakuu nimerudi. Nilibadilisha kombeo tu, kutoka 40 kwenda 85, na jiwe la kwanza limekwenda juu kama linatafuta ndege likarudi kuangukia mita 4 mbele ya fremu, kidogo linipate. La pili vilevile. Watu wawili walikuwa wamesimama pembeni, nimewahamisha wote wakakae mbali nyuma ya ukuta kabla ya kuendelea.

#19 Mzee_wa_Mizani
Hiyo ni pini, kile chuma cha kwenye ncha ya boriti kinachoshika kitanzi cha kombeo. Kitanzi cha kombeo kimeteleza mapema. Pini ikiwa imenyooka sawasawa na boriti kitanzi kinatoka mapema, jiwe linapaa juu, ikizidi linatoka nyuma yako kabisa. Ukiikunja kuelekea mbele kitanzi kinashikilia zaidi, jiwe linashuka usawa. Ukizidisha unapiga ardhi mbele ya miguu. Kila unapobadilisha kombeo lazima urudie pini. Kunja kidogokidogo kwa koleo, rusha, angalia. Na uling'arishe hilo chuma, likiwa na kutu leo kitanzi kinatoka hapa kesho pale. Na wote wasimame pembeni mbali na siyo mbele wala nyuma, hilo umefanya vizuri.

#20 Mpiga_Randa
Pini nimeikunja mara tano mpaka ikakaa. Mita 36! Halafu nikaiteremsha boriti kwa randa, nene pale kwenye ekseli, inapungua mpaka ncha, imetoka gramu 600 mpaka 400 na uzito uliobaki uko karibu na ekseli. Mita 41. Na sanduku sasa linapanda sm 7 tu upande wa pili. Kwenye video mkono unakaribia kusimama, nimeiona kwa macho yangu ile ya #10, nimemwita kila mtu nyumbani aje aone.

41 kwa 80 ni asilimia 51.

#21 Kamba_Ngumu
Hongera. Lakini ngoja kwanza, hujanipa haki. Tumepima mzigo unatoa juli ngapi, je kamba yangu, samahani yako, inatoa juli ngapi? Unaweza kuwa umelinganisha mtu aliyeshiba na mwenye njaa. Chukua mizani ya kuning'inia, funga kwenye ncha ya mkono, vuta polepole, soma mwanzo na mwisho.

#22 Mpiga_Randa
Nimefanya. Mkono ukianza kuondoka kwenye mto mizani inasoma kilo 4, ukifika chini kabisa kwenye kifyatuo inasoma kilo 12, na ncha imesafiri sm 30.

#23 Mzee_wa_Mizani
Inapanda kwa kunyooka kutoka 4 mpaka 12, wastani kilo 8, mara 9.8, mara 0.3. Juli 23.5. Mzigo wako ulikuwa na 19.6.

Kwa hiyo Kamba_Ngumu ana haki. Siku ya kwanza kamba iliingia ulingoni na enaji zaidi. Jiwe lake la mita 35 lilibeba juli 8.6, ni asilimia 37 ya 23.5. Trebusheti ilikuwa 35. Zilikuwa sawa karibu kabisa kwa kufikisha, tofauti ilikuwa ni nani ameshiba.

Na angalia namna kila moja inavyotoa. Kamba inasukuma kilo 12 mwanzo, wakati kila kitu kimelala na mkono wenyewe unahitaji kuamshwa, halafu inapungua mpaka 4 pale jiwe linapokimbia. Mzigo uzito wake ni uleule toka juu mpaka chini, na mwisho kombeo linamnyang'anya alichobaki nacho. Ndiyo maana wewe umeweza kutoka 35 mpaka 51 bila kuongeza hata gramu ya mzigo. Kwa mkono mmoja wa msokoto hiyo nafasi ni ndogo.

#24 Kamba_Ngumu
Nakubaliana nusu. Na mkono wa msokoto unaweza kufungwa kombeo pia, Ammianus anautaja hivyo kama sikosei, Bi_Kumbukumbu atathibitisha. Na zile za mikono miwili zenye uzi katikati, uzi ndio unaosimamisha mikono, hazipigi mto kwa namna hii.

Halafu jambo moja mnalipita. Bunda lake lina uzito gani?

#25 Mpiga_Randa
Gramu 200 kamba yote.

#26 Kamba_Ngumu
Ndiyo hivyo. Gramu 200 zinabeba juli 23.5. Kilo nzima ingebeba 117. Mzigo wa trebusheti ukishuka sm 40 kilo moja inatoa juli 4 kasoro kidogo. Ili kilo ya mzigo ilingane na kilo ya kamba lazima uidondoshe kutoka mita 12! Kwa uzito kwa uzito hakuna mashindano hapa.

#27 Bi_Kumbukumbu
Kombeo kwenye punda mwitu ndiyo, Ammianus analitaja.

#28 Haraka_Haraka
Sasa nimechanganyikiwa kabisa. Kama kamba ni mara 30 kwa kilo, kwa nini dunia iliiacha?

#29 Mzee_wa_Mizani
Kwa maoni yangu jibu liko kwenye ukubwa, na modeli za mezani zinaficha jambo hili.

Chukua mashine zote mbili za Mpiga_Randa, ongeza kila kipimo mara mbili. Jiwe linakuwa mara nane, gramu 400. Mzigo mara nane, kilo 40. Uwiano bado ni 100 kwa 1. Lakini mshuko umekuwa sm 80, kwa hiyo umbali wa juu unatoka 80 unakuwa 160. Umejengea mara mbili umerusha mara mbili.

Ya kamba je? Bunda mara nane, kilo 1.6, juli 188. Gawa kwa jiwe la gramu 400, kila kilo ya jiwe inapata 470. Ile ndogo, 23.5 gawa kwa 0.05, nayo ni 470. Hakuna kilichoongezeka. Spidi ileile, mita zilezile 35, ila sasa unarusha jiwe kubwa. Nyuzi ina kiwango chake cha kubeba, haijui mashine ni kubwa au ndogo. Mzigo unaoshuka unajua, maana unaongezewa urefu wa kushukia.

Wagiriki walilijua hili kwa vitendo. Filo wa Bizantio, karne ya 3 kabla ya Kristo, anatoa kanuni ya kipenyo cha tundu la bunda kwa upana wa vidole, m ni uzito wa jiwe kwa mina, kipimo chao cha uzito:

```
D = 1.1 × ∛(100 × m)
```

Jiwe la mina 10, kilo 4 na kitu, linataka tundu la vidole 11, kama sm 21. Jiwe la mina 80 ni vidole 22. Jiwe mara nane, tundu mara mbili, na sehemu zote za mashine zilipimwa kwa tundu hilo. Ni kanuni ya kuweka enaji ileile kwa kila kilo ya jiwe. Kwa hiyo kwenye meza kamba inashinda, kwenye boriti za mita 10 mchezo unageuka.

#30 Kamba_Ngumu
Hesabu sipingi. Lakini 35 yake ni kwa sababu bunda lake ni dogo kwa jiwe lile, akiweka bunda nene zaidi jiwe lilelile litakwenda mbali zaidi. Wewe umeshikilia uwiano ambao unakufaa.

#31 Mzee_wa_Mizani
Hiyo ni kweli mpaka mkono wenyewe unakuwa mzito kuliko jiwe, halafu unanyanyua mkono kama yeye alivyokuwa ananyanyua boriti.

#32 Bi_Kumbukumbu
Mimi bado nadhani sababu kubwa siyo umbali. Mishipa ya wanyama inatafutwa, inaandaliwa, inafungwa na fundi anayejua, na ikipata unyevu inalegea. Mzigo ni sanduku la mawe na udongo unaochota palepale. Mwaka 1273 huko Xiangyang, China, mafundi wawili Waislamu, Ismail na Alauddin, walioletwa kutoka upande wa Uajemi, walizijenga mashine za mzigo mahali pa vita na mji uliokuwa umeshikilia miaka ukajisalimisha. Jaribu kusafirisha tani za mishipa uone. Na kingine, #6 ile, leo 35 kesho 24. Ukitaka kupiga ukuta sehemu moja siku nzima unahitaji kitu ambacho hakichoki.

#33 Kamba_Ngumu
Hilo la kuchoka siwezi kulipinga, nimelisema mwenyewe.

#34 Gurudumu
Ile trebusheti iliyojengwa kasri ya Warwick Uingereza ina urefu wa mita 18 na mwaka 2006 ilirusha jiwe la kilo 13 mita 249. Kwa hesabu ya Mzee si ingetakiwa kwenda mbali zaidi kwa mashine kubwa hivyo?

#35 Mzee_wa_Mizani
Swali zuri. Spidi iliyotajwa ya mrusho ule ni km 195 kwa saa, yaani mita 54 kwa sekunde. Bila hewa kwa nyuzi 45 ni karibu mita 299. Imekosa 50, hewa na nyuzi za kutokea vimegawana. Lakini jambo kubwa ni kwamba kilo 13 ni jepesi mno kwa mashine ile, inaweza kubeba mawe mazito mara kadhaa kuliko hilo. Jiwe jepesi mno halina nguvu ya kuuzuia mkono kupitia kombeo, kwa hiyo mzigo na boriti vinabaki na mwendo wao. Unaongeza uwiano, umbali unaongezeka, ila kila mara unaongezeka kidogo kuliko kanuni inavyoahidi. Mpiga_Randa anaweza kuliona hili mwenyewe kwa kigololi cha gramu 20, aangalie sanduku litapanda sm ngapi.

#36 Mpiga_Randa
Nimejaribu sasa hivi kabla giza halijaingia. Gramu 20, kanuni inasema mita 200, imekwenda 58 na sanduku limepanda sm 13. Pini sijaigusa kwa hiyo labda kuna mita zimepotea hapo.

#37 Nyenzo_Tu
Haya mimi nimeanza kukata mbao. Boriti mita 2.3, mikono 5 kwa 1, mzigo kilo 40, jiwe gramu 400. Ekseli niweke bomba la chuma la ndani ya bomba au bearingi?

#38 Haraka_Haraka
Bomba ndani ya bomba na grisi, bearingi ndogo zinapasuka mzigo ukishtuka. Na Gurudumu bado hujanijibu, toa magurudumu urushe mara kumi, yarudishe urushe mara kumi, sanduku likiwa la kuning'inia, halafu utuletee namba zote.